Tope la mwaka mzima hupita kwa saa chache: kukadiria mashapo ya kijito kwa chupa na kurva

Mtu akikuuliza kijito kinabeba tani ngapi za udongo kwa mwaka, jibu halipatikani kwenye chupa moja wala chupa mia za maji ya asubuhi. Chupa inakupa mkusanyo wa mashapo, yaani miligramu za udongo katika lita moja, kwa dakika ile tu ulipoitumbukiza. Kinachotakiwa ni kuunganisha dakika hizo chache na rekodi ya mtiririko inayoendelea mchana na usiku. Kiungo chenyewe ni kurva ya mashapo, ambayo ni uhusiano kati ya mtiririko Q, kwa mita za ujazo kwa sekunde, na mkusanyo C. Hesabu yake ni nyepesi. Ugumu uko kwenye mambo yanayoipotosha kimyakimya, na karibu yote huipotosha kwa upande mmoja, upande wa kupunguza tani.

Nitatumia kijito cha mfano, cha aina inayoshuka kutoka milima ya Uluguru kuelekea Morogoro. Bonde lake ni dogo na la miteremko mikali, maji ni angavu wakati wa kiangazi na ya rangi ya chai ya maziwa saa moja baada ya mvua kubwa. Namba zote za kijito hiki nimezitunga ili hesabu ifuatike, lakini tabia yake ndiyo tunayokutana nayo kwenye vijito vya milimani.

Kwanza chupa. Chagua mahali maji yanapochanganyika vizuri: mkondo umebanwa, una msukosuko, na hakuna kijito kingine kinachoingia karibu kutoka juu. Kijito kinachoingia huenda mita nyingi kikishikamana na ukingo wake kabla ya kuchanganyika, na mara nyingine unaiona rangi yake kwa macho. Mdomo wa chupa uelekee maji yanakotoka, nawe simama upande wa chini ili tope unalolitibua kwa miguu lisiingie. Ukichota juu juu tu utapata tope laini na kuukosa mchanga, kwa sababu tope husambaa karibu sawa toka juu hadi chini, ilhali mchanga hukaa zaidi karibu na kitako. Kwa hiyo ishushe chupa polepole hadi karibu na kitako, uipandishe kwa mwendo uleule, na uitoe kabla haijajaa. Ikijaa ikiwa bado ndani, maji huendelea kupita mdomoni, mchanga unabaki na maji yanatoka, na sampuli hiyo ni ya kumwaga. Kifaa cha DH-48, kinachoshikwa kwa fimbo na kubeba chupa ndani yake, kinafanya kazi hiyohiyo kwa nidhamu zaidi. Hata hicho hakifiki chini kabisa: sentimita 9 hivi za mwisho juu ya kitako hazichukuliwi.

Kama huna kifaa hicho, jaribu hivi angalau kwenye mafuriko machache: chukua chupa tatu kwa mpigo, moja karibu na kila ukingo na moja katikati, kisha ulinganishe. Zikitofautiana kidogo, chupa moja ya katikati inatosha kwa siku nyingine. Ya katikati ikiwa daima juu au daima chini ya wastani wa zote tatu, una kizidisho cha kurekebishia. Maji yakikupita magotini na bado yanapanda, usiingie. Fanya kazi kutoka darajani kwa kamba na kishikio chenye uzito.

Kwenye kila chupa andika mambo matatu: saa na dakika, usomaji wa ubao wa vipimo uliosimikwa mtoni kuonyesha urefu wa maji, na kama maji yalikuwa yanapanda au yanashuka. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa sana, na ndilo linaloeleza nusu ya fujo utakayoiona baadaye kwenye mchoro.

Ratiba ya chupa ni muhimu kuliko wingi wake. Mpango wa kila Jumatatu saa tatu asubuhi unapendeza kwenye ripoti, lakini mvua nyingi za milimani hunyesha alasiri au usiku, na kijito kidogo hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Mwaka mzima wa Jumatatu unaweza kupita bila chupa hata moja ya mafuriko. Afadhali chupa moja kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, na nyingi mfululizo kwenye mafuriko machache ya vuli na masika, kila dakika 15 hadi 30 maji yanapopanda na kila saa yanaposhuka. Msomaji wa ubao anayeishi karibu na kijito, mwenye tochi, kreti la chupa na malipo ya uhakika kwa kila chupa ya usiku, ana faida kuliko gari la ofisini linalofika asubuhi baada ya mvua.

Kwa mafuriko ambayo hakuna atakayeyawahi, funga chupa kwenye nguzo kwa urefu mbalimbali. Kila moja iwe na kizibo chenye mirija miwili, wa chini wa kuingizia maji na wa juu wa kutolea hewa. Maji yakifika mdomo wa chini chupa inajaa na kubaki hivyo. Ni rahisi, lakini kumbuka kwamba chupa hizo hujaa maji yanapopanda tu. Ukitegemea hizo peke yake kurva itakaa juu mno, na hapa ndipo makosa yanapogeuka na kuongeza tani badala ya kuzipunguza.

Maabara isicheleweshwe. Weka chupa gizani na pa baridi, la sivyo mwani utaota na utaupima kama udongo. Pima uzito wa chupa ikiwa na maji, kisha ikiwa tupu, upate kiasi cha maji kwa uhakika kuliko kukisia kwa alama za pembeni. Chuja maji yote ya chupa kwa karatasi ya nyuzi za kioo iliyokwisha kuoshwa, kukaushwa na kupimwa, kisha kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Iache ipoe kwenye chombo chenye vidonge vya kunyonya unyevu kabla ya kupima, kwa sababu karatasi ikipoa mezani hunywa unyevu wa hewa. Kwa maji ya kiangazi yenye miligramu 25 kwa lita, nusu lita ina miligramu 12.5 tu za udongo. Kosa la miligramu 1 kwenye karatasi ni asilimia 8 ya jibu, kwa hiyo chukua maji mengi zaidi.

Maji ya mafuriko yana tatizo la kinyume, kwani karatasi inaziba. Hapo mshawasha ni kutikisa chupa, kumimina mililita 100 na kuchuja hizo. Usifanye hivyo. Mchanga huzama ndani ya sekunde chache, unabaki chini, na jibu linashuka. Njia hiyo ya kumega imetengenezwa kwa ajili ya maji taka, na wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 2000 kwamba kwenye mito inapunguza mashapo, hasa mchanga unapozidi robo ya uzito wote. Acha chupa itulie siku moja au mbili, nyonya maji angavu ya juu kwa mrija, kisha kausha kilichobaki kwenye bakuli. Kama maji yana chumvi nyingi, kausha pia kiasi cha yale maji angavu ujue chumvi ya kutoa.

Sasa mtiririko. Ubao wa vipimo unakupa urefu wa maji, na urefu unageuzwa kuwa Q kwa kurva nyingine, ile iliyojengwa kwa kupima kasi ya maji kwenye mkato wa mto. Mafuriko yakikwangua kitako au kukijaza mchanga, kurva hiyo inahama bila kukuarifu. Uzito wa kosa hili ni mkubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu tani hutegemea Q mara mbili, kwenye maji yenyewe na kwenye mkusanyo unaopanda nayo. Kwa mteremko wa kijito chetu utakaouona hapa chini, Q iliyozidishwa kwa asilimia 20 baada ya kitako kuhama huzaa tani zilizozidi kwa karibu asilimia 50. Kwa hiyo rudia kupima kasi baada ya kila mafuriko makubwa kabla ya kugusa hesabu ya mashapo.

Hizi ni sampuli 10 za kijito cha mfano. Kazini usiridhike na 10, na robo yake angalau ziwe za mafuriko.

```
Q (m3/s)   C (mg/L)
0.2          25
0.3          20
0.4          60
0.6          45
1.0         200   maji yanapanda
1.5         110   yanashuka
2.5         900   yanapanda
4.0         480   yanashuka
6.0        2600   yanapanda
9.0        1500   yanashuka
```

Ukizichora kwenye karatasi ya kawaida, pointi za kiangazi zinarundikana pembeni na mbili za mafuriko zinaamua kila kitu. Chukua logi ya Q na logi ya C, na pointi zinajipanga karibu na mstari ulionyooka. Kwenye jedwali la kompyuta, logi za Q zikiwa safu ya C na logi za mkusanyo safu ya D:

```
=SLOPE(D2:D11,C2:C11)
=INTERCEPT(D2:D11,C2:C11)
=STEYX(D2:D11,C2:C11)
```

Mteremko unatoka 1.26, mkato ni 2.136, na mtawanyiko wa pointi kuzunguka mstari ni 0.25. Kumi kwa kipeo cha 2.136 ni takriban 137, kwa hiyo kurva yetu ni C = 137 × Q^1.26. Tani kwa saa moja ni 0.0036 × C × Q, na tani kwa siku ni 0.0864 × C × Q. Vizidisho hivyo viwili ni kugeuza vipimo tu, sekunde kuwa saa au siku na gramu kuwa tani.

Wengine hupenda kuchora tani dhidi ya Q badala ya mkusanyo dhidi ya Q, kwa sababu mchoro unapendeza zaidi. Kwa data hizihizi, kipimo cha R², kinachoonyesha pointi zimeukaribia mstari kiasi gani, kwa mkusanyo ni 0.90, na kwa tani kinaruka hadi 0.97. Hakuna kilichojulikana zaidi. Tani ni Q kuzidisha C, kwa hiyo Q imewekwa pande zote mbili na inajilinganisha na yenyewe. Ukiona ripoti inayojisifia R² ya tani, uliza ya mkusanyo.

Mtego wa pili umo kwenye logi zenyewe. Mstari uliopita katikati ya logi, ukirudishwa kwenye miligramu, unapita chini ya wastani halisi. Pointi iliyo juu ya mstari kwa 0.3 ya logi ni maradufu ya kadirio, na iliyo chini kwa 0.3 ni nusu yake. Wastani wa 2 na 0.5 ni 1.25, si 1. Rob Ferguson alilieleza hili kwa mashapo ya mito mwaka 1986 na kutoa kizidisho cha exp(2.651 × s²), ambapo s ni mtawanyiko kwa logi ya 10. Kwa s ya 0.25 kinatoka 1.18. Kizidisho hicho kinadhani kwamba masalio, yaani umbali wa kila pointi kutoka kwenye mstari, yamepangika kama kengele. Njia ya Duan ya mwaka 1983 haidhani hivyo. Inageuza kila salio kuwa kumi kwa kipeo chake, kisha inachukua wastani. Kwa sampuli zetu inatoa 1.14. Mimi hupendelea hii ya pili pointi zikiwa chache na zenye fujo. Kwenye mto ambao mtawanyiko unafika 0.5, kizidisho cha Ferguson kinakuwa karibu 1.94, na huko kuacha marekebisho ni kutupa karibu nusu ya udongo. Lakini mtawanyiko mkubwa namna hiyo unakuambia pia kwamba Q peke yake haielezi mashapo ya mto huo, na kizidisho hakiwezi kukuponya hapo.

Kosa linalozidi yote, na ambalo halihitaji hesabu ngumu kuliona, ni kutumia wastani wa mtiririko wa siku. Chukua siku moja ya masika. Kwa muda wa saa 20 kijito kiko kwenye 0.4, kisha mvua inakipandisha: saa moja kwenye 3, moja kwenye 8, moja kwenye 5, na moja kwenye 2. Wastani wa siku ni 1.08. Uutie kwenye kurva upate miligramu 152 kwa lita, na tani 14 kwa siku. Sasa fanya saa kwa saa. Saa 20 za utulivu zinatoa tani 1.2 kwa jumla. Saa iliyo kwenye 3 inatoa 5.9, iliyo kwenye 8 inatoa 54, iliyo kwenye 5 inatoa 18.7, na iliyo kwenye 2 inatoa 2.4. Jumla ni tani 82, karibu mara sita ya jibu la wastani. Theluthi mbili zimepita ndani ya saa moja. Kuzidisha kwa 1.14 kunakupeleka kwenye tani 94. Siku tulivu ya 0.4 hubeba tani 1.5 tu, hivyo alasiri ile moja ni sawa na siku zaidi ya 50 za kiangazi.

Kwa mto mkubwa wa uwandani, unaopanda kwa siku kadhaa, wastani wa siku unaweza kuvumilika. Kwa kijito cha mlimani haufai. Kama rekodi yako ni ya msomaji anayekuja saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kinachokosekana si usahihi wa kurva, ni kilele cha mafuriko. Kifaa cha kurekodi urefu wa maji kila dakika 15 kitaboresha jibu kuliko chupa nyingine mia.

Rudi kwenye jedwali uangalie pointi za mafuriko. Zote tatu za maji yanayopanda ziko juu ya mstari, na zote tatu za yanayoshuka ziko chini. Kwenye 6 yakipanda kuna miligramu 2600, na kwenye 9 yakishuka kuna 1500. Vumbi la njiani, udongo uliolegea mashambani na tope lililolala kwenye kitako huchukuliwa na maji ya kwanza, na vitu hivyo vikiisha, maji mengi hupita na udongo mchache. Kwa sababu hiyohiyo mafuriko ya kwanza ya vuli huwa machafu kuliko yanayolingana nayo mwishoni mwa masika, mimea ikiwa imeshafunika ardhi. Ukipata kinyume, maji yanayoshuka yakiwa machafu zaidi, tafuta ukingo unaobomoka au chanzo kilicho mbali juu ya bonde.

Ukiwa na pointi za kutosha, tenga kurva mbili, ya kupanda na ya kushuka, au ya vuli na ya masika. Ukiwa na pointi sita za mafuriko usitenge, utapata mistari miwili isiyo na maana. Baki na mmoja, ila hakikisha pande zote mbili zina chupa zinazolingana na muda wake. Maji hushuka kwa muda mrefu kuliko yanavyopanda, na chupa zikiwa nyingi za kupanda, kurva nzima inanyanyuka.

Kurva pia ina mwisho wake. Chupa yetu ya juu kabisa ilichukuliwa kwenye 9. Yakija mafuriko yanayofika 20, mstari unasema miligramu 5,970 kwa lita na tani 430 kwa saa moja, zaidi ya mara tano ya ile siku nzima tuliyoikokotoa. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia udongo uliolegea umeshaisha na mkusanyo umegota kwenye 3,000, au mlima umeporomoka na mkusanyo umepita 20,000. Tani za juu ya pointi ya mwisho ziandikwe kwenye mstari wake peke yake katika ripoti, ili msomaji aone ni sehemu gani ya jumla imesimama juu ya kukisia. Zikizidi nusu ya jumla, unachotoa ni ukubwa wa kukadiria tu, na sema hivyo.

Maporomoko hasa huvunja kurva. Mvua ya Februari 1970 kule Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, iliangusha maporomoko mengi ya ardhi kwa mpigo mmoja. Baada ya tukio kama hilo mto unakuwa na udongo uliolegea usiokuwepo jana, na Q ileile inabeba mashapo mengi zaidi hadi makovu yatakapofunikwa na mimea. Kurva iliyojengwa kabla yake haifai tena. Utalitambua hilo kwa kuchora masalio kwa tarehe badala ya kwa Q: yakianza kukaa upande mmoja wa sifuri kuanzia siku fulani, anza kurva mpya kuanzia siku hiyo.

Kama chini ya kijito kuna bwawa, una mahali pa kujisahihisha. Pima kina chake kwa mistari ileile baada ya miaka kadhaa na ukokotoe ujazo wa tope lililoongezeka. Kabla ya kulinganisha, geuza mita za ujazo kuwa tani kwa uzito wa tope kavu lililochimbwa bwawani humohumo. Tope jipya na lile lililowahi kukaukiwa na maji hutofautiana sana, na kosa la hapo linaweza kupita makosa ya kurva yenyewe. Kumbuka pia kwamba bwawa hudaka mchanga na changarawe zinazobiringika kwenye kitako, ambazo chupa haikuziona kamwe, na huku linaachia sehemu ya tope laini kupita juu ya utoro wa maji. Tani za bwawa zikiwa juu kidogo ya za kurva, hilo halishangazi. Zikiwa mara tatu au nne, kabla ya kuulaumu mchanga wa kitako, kagua kama hesabu yako ilifanywa kwa wastani wa siku.